Hukumu Iliyosomwa Nikiwa Kliniki

Walikuja wawili, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye cherehani ya baba yangu, dukani kwake pale Nyakabanda, nikishona sare za shule. Mmoja alikuwa baba wa mtoto wangu. Wa pili alikuwa mkuu wa seluli yetu, yaani mtaa wetu, na alikuwa amevaa koti. Mkuu wa seluli hakuvaa koti hata siku za misa, kwa hiyo nilijua ameletwa kwa kazi.

Baba wa mtoto akatoa karatasi yenye muhuri, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona, karibu kabisa na sindano.

"Hukumu," alisema. "Mtoto anakuja kwetu. Jumatatu uwe umemfungia nguo zake."

"Hukumu gani? Haijasomwa."

"Ilisomwa zamani. Siku za rufaa zimekwisha. Muulize yeyote."

Nilimtazama mkuu wa seluli. Akatazama vitambaa ukutani.

"Mama, mimi sina maneno," alisema. "Nimeambiwa nije nishuhudie kwamba umeambiwa."

"Basi shuhudia vizuri. Shuhudia kwamba leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona karatasi hii. Tarehe ya leo uiandike mahali."

Baba wa mtoto akacheka. Mtoto wetu, msichana wa miaka mitatu na nusu, alikuwa chini ya meza akipanga vifungo. Baba yake hakuinama hata kumsalimu. Alikuja kuchukua mtu ambaye hakumsalimu. Hilo sijalisahau na sitaki kulisahau.

Walipoondoka nikaisoma. Nilimaliza shule ya upili, najua kusoma hata mambo nisiyoyataka. Mahakama ya kanto, ile ndogo ya chini, ilikuwa imevunja ndoa yetu. Hiyo sawa, nilikuwa naitaka kuliko yeye. Lakini chini yake iliandikwa kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba kwa sababu inkwano ilitolewa kwa ukamilifu, na kwa hiyo atakwenda kuishi kwa baba. Inkwano ni mahari. Ng'ombe mmoja aliyefika kwetu akiwa anakohoa, sasa amemnunua na mwanangu. Mstari wa mwisho ulisema hukumu imesomwa hadharani, mbele ya pande zote mbili. Tarehe iliyowekwa ilikuwa imepita siku thelathini na sita.

Pande zote mbili! Mimi upande wangu ulikuwa wapi siku hiyo?

Hebu nieleze ilivyokuwa. Siku ya mwisho ya kusikilizwa, hakimu wa kanto alisema hukumu itasomwa Alhamisi baada ya wiki mbili. Alhamisi hiyo nilikwenda, mtoto mgongoni, nikakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Karani wa mahakama, ambaye huku kila mtu anamwita grefiye, akatoka akasema hakimu ameitwa kwenye mkutano wa serikali ya komini. "Rudini nyumbani, mtaitwa." Nikarudi. Ulikuwa wakati wa vita kule kaskazini, mikutano ilikuwa kila siku, vizuizi barabarani vilikuwa kila kona, na kuahirishwa kwa kitu chochote hakukumshangaza mtu. Nikangoja kuitwa. Sikuitwa.

Kosa moja lilikuwa langu, nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Kwenye faili anwani yangu ilikuwa bado ile ya ndoa, nyumbani kwa mama mkwe wangu, juu ya Nyabugogo. Siku ya kwanza nilimwambia grefiye kwa mdomo kwamba nimerudi kwa baba yangu. Aliitikia kwa kichwa. Sikuangalia kama kalamu imesogea.

Siku hiyohiyo ya karatasi nilimwachia baba yangu mtoto, nikapanda mjini hadi mahakama ya juu, ile inayosikiliza rufaa kutoka kanto. Grefiye wa pale alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilianza kumweleza kila kitu: jinsi nilivyoolewa, jinsi nilivyofukuzwa na mimba ya pili ambayo haikukaa, jinsi mtoto alivyougua baba yake asije. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nilipandisha sauti.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Hayo yote ni kweli?"

"Ni kweli!"

"Hayanisaidii. Lete karatasi."

Akaisoma, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, mstari kwa mstari.

"Siku thelathini, mama. Umepitisha."

"Mimi nimeiona leo!"

"Hapa imeandikwa ulikuwepo. Aliyekuwepo, siku zake zinaanza pale hukumu inaposomwa. Asiyekuwepo, siku zake zinaanza pale anapojulishwa rasmi. Wewe ulikuwepo au hukuwepo?"

"Sikuwepo!"

"Usiniambie mimi kwa kelele. Waambie kwa karatasi. Nenda kanto, omba uone daftari la siku ile. Kila anayehudhuria kusomewa hukumu anatia sahihi. Kama sahihi yako ipo, uende nyumbani ukafunge nguo za mtoto. Kama haipo, uchukue nakala yenye muhuri."

Nilisimama niende. Akanirudisha kwa mkono.

"Keti. Kwanza andikisha rufaa. Leo."

"Si umesema nimechelewa?"

"Mimi ni grefiye. Kazi yangu ni kuandika tarehe uliyofika. Kusema umechelewa ni kazi ya majaji. Ukiondoka hapa bila kuandikishwa, kesho utakuwa umechelewa zaidi, na siku hiyo hata mimi nitakucheka."

Nikalipa ada ya kuandikisha, nikapewa stakabadhi na cheti kwamba nimekata rufaa dhidi ya kipengele cha mtoto tu. Kipengele cha talaka nikakiacha kipumzike. Akanieleza kwamba rufaa ikishaandikishwa hukumu haitekelezwi mpaka ijibiwe, isipokuwa kama hakimu aliamuru vinginevyo, na huyu hakuamuru. Nikapeleka cheti kwa mkuu wa seluli jioni ileile. Alikisoma mara mbili, akavua koti.

"Basi Jumatatu siji," alisema. Nikaona amefurahi.

Kesho yake nikaenda kanto. Yule grefiye wa kanto alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka miwili, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata.

"Daftari haliangaliwi ovyo," aliniambia.

"Siangalii ovyo. Naangalia jina langu."

"Uliza kwa barua."

Nikatoa barua. Nilikuwa nimeiandika tangu alfajiri, kwa Kifaransa cha shule, na tarehe na sahihi. Akaisoma, akakuna sikio, akavuta daftari. Akaligeuza ukurasa kwa ukurasa taratibu, akitumaini nitachoka. Kisha akaweka mkono juu ya ukurasa mmoja, hakuuondoa.

"Ondoa mkono."

Akauondoa.

Jina la baba wa mtoto, na sahihi yake ile ya mikia mirefu. Chini yake jina langu, limeandikwa na grefiye mwenyewe. Mbele ya jina langu, dole gumba. Alama ya wino wa zambarau, pana, iliyokandamizwa kwa nguvu mpaka imechafua mstari wa chini.

Sijui kama unaelewa nilichohisi. Miaka sita ya shule ya upili. Baba yangu alishona suruali za watu mpaka mgongo ukapinda ili niende kule. Na hawa wananiandika kidole.

"Hiki ni cha nani?"

"Familia ilikuwepo," alisema grefiye.

"Nimekuuliza kidole, hujaulizwa familia."

"Mukecuru, yule bibi kizee. Mama mkwe wako. Wito wako ulifika kwake, akaja nao mkononi. Akasema yeye ndiye anamwitikia mkazana wake, mke wa mwanawe. Sasa mimi ningemfukuza mama wa watu?"

"Alikuwa na barua yangu ya kumpa uwezo?"

"Mama na mkazana wanaandikiana barua?"

Alilisema kwa mshangao wa kweli. Hapo ndipo nilipotaka kumtupia daftari lake usoni. Lakini hasira yangu ilikuwa imeanza kujifunza adabu tangu jana. Nilifungua nyuma kurasa nne, mpaka siku ya kusikilizwa, nikamwonyesha sahihi yangu mwenyewe, jina zima, herufi kwa herufi. "Nitolee nakala za kurasa hizi mbili. Hapa uandike 'ametia sahihi'. Hapa uandike 'ametia kidole'. Kama ulivyoona wewe mwenyewe."

"Utaniharibia kazi."

"Na wewe umefanya nini kwa mtoto wangu?"

Akaandika. Muhuri akaupiga umepinda, nikamrudishia, akaupiga wa pili.

Tarehe iliyokuwa juu ya ukurasa ilinifanya nichakure nyumbani kila droo. Nikaipata kadi ya kliniki ya mtoto. Siku ileile, asubuhi, alipimwa uzito. Wakati wananisomea hukumu, mimi nilikuwa kwenye mstari wa mizani, namvua mtoto sketi.

Nilirudi kwa mzee mwenye miwani nikiwa nimeshika nakala, kadi ya kliniki, na maneno mengi. Maneno akayakataa tena.

"Umepata njia ya kuingia mlangoni," alisema. "Ukishaingia, utawaambia nini?"

"Kwamba mwanaume yule hafai! Hata kumsalimu mtoto..."

"Watauliza mashahidi, naye atakuja na kumi wanaosema anafaa. Hukumu ya kanto imesema nini? Inkwano. Je, inkwano ni sheria?"

"Ni desturi."

"Desturi inatumika pale sheria iliponyamaza. Sheria imenyamaza?"

Sikujua. Akainuka, akatoa kwenye rafu gazeti la serikali lenye sheria mpya ya familia, ile iliyokuwa haijachakaa hata kidogo kwa sababu nadhani hakuna aliyekuwa anaifungua. "Halitoki hapa. Benchi ile pale. Kalamu unayo?"

Nilikaa kwenye benchi hiyo siku mbili, nikinakili kwa mkono. Watu walinipita wakidhani nafanya mtihani. Siku ya pili nikakipata kifungu: watu wakiachana, malezi yanaamuliwa kwa kuangalia maslahi ya mtoto, na mtoto aliye chini ya miaka sita anakaa na mama yake, isipokuwa kama maslahi yake yako hatarini sana. Nilikisoma mara ngapi, sijui. Nikapiga benchi kwa kiganja, na watu wakageuka.

"Imenyamaza?" mzee aliuliza kutoka dirishani, bila kuinua kichwa.

"Inapiga kelele, mzee!"

"Basi andika. Ukurasa mmoja. Hoja ya kwanza, muda. Hoja ya pili, sheria. Machozi usiweke."

Nilirarua mara tano. Kila mara yule mwanaume alikuwa anapenya kwenye sentensi na ubaya wake, na kila mara nikamtoa. Karatasi ya sita ilikuwa kavu kama ugali wa jana, na ndiyo niliyoipeleka.

Kesi ilisikilizwa miezi mitatu baadaye. Walikaa majaji watatu, na yule wa katikati, perezida wao, ndiye aliyezungumza. Baba wa mtoto alikuja na mama yake, naye mama amevaa mushanana ya sherehe, kitambaa kimefungwa begani vizuri kama anakwenda kuoza. Mama mkwe huku tunamwita mabukwe. Mabukwe wangu hakunitazama. Alikaa mstari wa mbele.

Baba wa mtoto alisimama kwanza. "Bwana Perezida, rufaa hii imekuja nje ya muda. Hukumu ilisomwa yeye akiwepo. Naomba isipokelewe, tusipotezeane muda."

Jaji akanigeukia. "Unajibu nini? Juu ya muda tu."

Juu ya muda tu. Nilikuwa na kinywa kimejaa mengine, nikayameza. Nikatoa nakala mbili na kadi ya kliniki. Jaji alizishika, akawapa wenzake, akarudi kwangu.

"Wewe unajua kuandika?"

"Karatasi ya rufaa niliiandika mimi."

"Kidole hiki ni cha nani?"

"Aulizwe mwenyewe. Yuko hapo mbele."

Ukumbi ukanong'ona. Jaji akamwita mabukwe asogee, akamwuliza kwa upole, kama mtu anavyomwuliza mama yake.

Mabukwe akasimama wima. Angeweza kukana. Mwanawe alikuwa anamkodolea macho, anatikisa kichwa kidogo kidogo. Wala hakumtazama.

"Ni changu," alisema. "Wito ulikuja kwangu. Mwanangu aliniambia anatakiwa mtu wa kuitika jina la mkazana. Nani mwingine angemwitikia? Mimi ndiye nilimpokea siku anaingia nyumbani. Mimi ndiye nilimtunza alipojifungua. Nikasema nisipokwenda, wataandika kwamba mke wa mwanangu ni mtu asiyekuwa na kwao."

"Ulimwambia kilichosomwa?"

"Mwanangu alisema atamwambia."

Jaji akamgeukia baba wa mtoto. "Ulimwambia lini?"

Baba wa mtoto akamtazama mama yake.

"Nimekuuliza lini."

"Nilipopeleka nakala."

"Siku ya thelathini na sita."

"Nilikuwa na kazi nyingi, Bwana Perezida. Kituo cha mabasi Nyabugogo hakilali."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia neno moja tu: mwanangu alisema atamwambia. Kumbe mwizi wa siku zangu hakuwa yule mwenye kidole. Miezi mitatu nilikuwa namchukia bibi kizee kwa nguvu zote, na nguvu hizo zikakosa mahali pa kukaa. Hilo nalo liliniongezea hasira.

Jaji akasema mbele ya watu wote kwamba mtu hawakilishwi mahakamani ila kwa barua ya uwakilishi, hata na mama mkwe, na kwamba kuleta nakala dukani si kujulishwa kunakotakiwa na sheria, na hata kama kungekuwa, mimi nilikuwa nimeandikisha rufaa siku ileile. Kisha: "Tuendelee na hoja ya pili."

Baba wa mtoto alizungumza juu ya inkwano, juu ya ukoo, juu ya ng'ombe. Ng'ombe yule aliyekohoa, mahakamani alikuwa mnene. Zamu yangu ilipofika nilisoma kifungu. Nikasema mtoto ana miaka mitatu na miezi tisa. Nikasema kanto haikuandika popote kwamba mtoto yuko hatarini kwangu, na sheria haikunyamaza mpaka desturi iitwe. Nikaketi. Dakika nne, pengine tano. Mengine yote nilibaki nayo kinywani.

Siku ya kusomwa, sikungojea kuitwa na mtu. Nilikwenda siku iliyotajwa, nikaja na siku iliyofuata walipoahirisha, na nyingine tena. Mara ya tatu wakasoma. Rufaa imepokelewa kwa kuwa imeletwa ndani ya muda. Hukumu ya kanto imebatilishwa kwenye kipengele cha mtoto. Mtoto atakaa na mama yake. Baba ana haki ya kumwona Jumapili mbili za kila mwezi. Akitimiza miaka sita, upande wowote unaweza kurudi mahakamani.

Wenzangu wakinisikia nasimulia hivi huniambia, si ulishinda, sasa hasira ya nini? Hasira ni hii: nilishinda kwa sababu nilijua kusoma, na mzee mmoja alikuwa na benchi. Pale kanto niliacha wanawake wamekaa mstari mzima na vidole vyao vya kweli. Na nilishinda miaka miwili na kidogo, si mtoto.

Nje, mabukwe alikuwa amesimama peke yake. Mwanawe alikuwa ameshaondoka, hakumngoja. Alinisogelea.

"Mwanangu," alinisalimu hivyo, kama zamani. "Na mimi? Nitamwona lini?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. Nikaifungua mbele yake, nikaitazama kana kwamba natafuta.

"Baba ameandikwa, Mama. Wewe hukuandikwa."

Akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Akaitikia kwa kichwa, polepole, jinsi mtu anavyokubali kitu cha serikali. Akakaza mushanana begani akaanza kuteremka peke yake kuelekea Nyabugogo.

Jumapili ya kwanza baba wa mtoto hakuja. Ya pili hakuja. Mwezi uliofuata, Jumapili, mtoto mwenyewe aliniuliza bibi yuko wapi, nikamwambia yuko kwake. Akauliza kwake ni mbali? Nikamvalisha viatu bila kujibu. Tulitembea mpaka kwenye lango la mabukwe, nikabisha, nikamsukuma mtoto mbele. Mimi sikuingia. Niliketi nje juu ya jiwe saa mbili nzima, nikiwa nimenuna, nikisikia wanavyocheka ndani.